Notisi Zinazojisahihisha Zenyewe: Uhakiki wa Maswali ya Historia Kutoka Mpaka wa Tunduma

Katika shule nyingi za sekondari, pamoja na zile za Mkoa wa Songwe, mazoezi ya historia hutungwa kwa njia moja. Notisi za somo huwekwa mezani. Kila kichwa cha habari hugeuzwa kuwa swali, na kila kistari kilicho chini yake hugeuzwa kuwa hoja ya kupewa alama. Njia hii ni nyepesi na huonekana ya haki, kwa kuwa wasahihishaji wote hutoa alama sawa kwa jibu lile lile. Lakini ina kasoro kubwa: notisi, swali na mwongozo wa usahihishaji hutoka katika chungu kimoja. Kosa lililomo katika notisi halina pa kugundulika. Kila anayelirudia hupewa alama, na kila anayelikosoa huzikosa.

Tuchukue mfano wa mada ya kugawanywa kwa Afrika. Swali fupi la kawaida husema: "Taja mkutano ulioweka mipaka ya makoloni ya Afrika, na mwaka wake." Jibu linalotarajiwa ni Mkutano wa Berlin, 1884–1885, alama mbili. Mwanafunzi wa Tunduma huliandika jibu hilo huku akiuona mpaka kutoka nyumbani kwao, ng'ambo yake ukiwa mji wa Nakonde, Zambia. Je, mpaka huo uliwekwa na Mkutano wa Berlin?

Hapana. Mkutano ule, uliohudhuriwa na mataifa kumi na manne bila hata Mwafrika mmoja, ulikubaliana juu ya biashara huru katika bonde la Mto Kongo, usafiri katika Mto Kongo na Mto Niger, na masharti ya kutwaa sehemu mpya za pwani. Haukuchora mstari wa Tunduma. Mstari huo ulitajwa katika mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Kwa mujibu wa mkataba huo mpaka huanzia Ziwa Nyasa, hupanda Mto Songwe, kisha huvuka kwenda kuufuata ukingo wa bonde la Kongo, na mwishowe huteremka na Mto Kilambo hadi Ziwa Tanganyika. Alama za ardhini zilianza kuwekwa na tume ya nchi hizo mbili mwaka 1898.

Hata hivyo, mwanafunzi aliyeandika "Berlin" hakukosea kabisa. Ukingo wa bonde la Kongo uliotumiwa na mkataba wa 1890 ni ule ulioelezwa katika Hati ya Berlin ya 1885. Ndiyo sababu mpaka wa Tunduma hufuata mgawanyo wa maji: maji ya kaskazini huelekea Ziwa Rukwa, na ya kusini huingia Mto Chambeshi na mwishowe Kongo. Tena mkataba wenyewe wa 1890 ulitiwa saini mjini Berlin! Basi neno "Berlin" katika karatasi ya jibu halimwonyeshi msahihishaji kama mwanafunzi anaelewa jambo au amekariri tu. Swali la namna hii halipimi kitu.

Sasa tutazame insha: "Eleza athari sita za kugawanywa kwa Afrika." Mgawanyo wa alama ni utangulizi mbili, hoja sita kwa alama mbili mbili, na hitimisho moja, jumla kumi na tano. Hoja za mwongozo ni mipaka ya bandia, kutenganishwa kwa jamii, migogoro ya mipaka, kupotea kwa uhuru, kuporwa kwa ardhi na kudumaa kwa utamaduni.

Hoja tatu za mwanzo ni mnyororo mmoja uliokatwa vipande. Mwanafunzi anayeviandika vipande hivyo mbalimbali, bila kutaja mahali hata pamoja, hupata alama sita. Mwenzake anaandika aya moja kwamba mstari wa 1890 uliwakata Wanyamwanga, wengine wakawa chini ya Wajerumani na wengine chini ya Waingereza. Na kwamba mkataba huo huo, kwa kuupitisha mpaka kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, ndio chanzo cha mgogoro wa Tanzania na Malawi. Huyu ameonyesha chanzo, tendo na matokeo. Kwa mwongozo ule atahesabiwa hoja moja, alama mbili. Aliyefikiri ameadhibiwa kwa kufikiri.

Neno "bandia" lenyewe halijachunguzwa. Notisi hulieleza kuwa ni mistari iliyonyooka iliyochorwa kwa rula. Mpaka wa Songwe unafuata mto na mgawanyo wa maji. Kwa maelezo ya notisi, mpaka huo si wa bandia! Ukweli ni kwamba ubandia wake haumo katika umbo bali katika uamuzi: Waingereza walitaka Barabara ya Stevenson, iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ibaki upande wao. Masilahi ya biashara na dola ndiyo yaliyoamua, na wenyeji hawakuulizwa.

Wapo ndugu watakaosema kwamba bila orodha ya hoja usahihishaji utakuwa wa upendeleo. Hoja yao ni ya kweli, na mwongozo lazima uwepo. Tunachopinga ni mwongozo unaohesabu maneno ya notisi badala ya kupima ushahidi na uhusiano wake. Swali fupi linaweza kuwa hivi: "Mkutano wa Berlin na mkataba wa 1 Julai 1890 vilihusikaje na mpaka wa Tunduma?" Alama nne: moja kwa kueleza kazi ya mkutano, moja kwa kutaja wahusika wa mkataba na mstari wao, moja kwa kuonyesha kwamba mkataba uliazima ukingo wa bonde kutoka Hati ya Berlin, na moja kwa kutofautisha mstari wa karatasini na alama za 1898.

Insha nayo iwe: "Mpaka unaofuata mto si wa bandia. Jadili kwa mfano wa Songwe." Msimamo ulio wazi upewe alama mbili, ushahidi wa mkataba nne, ushahidi wa jamii zilizokatwa nne, masilahi yaliyouongoza mstari tatu, na mbili za mwisho kwa kupima upande wa pili, yaani kwa nini nchi huru za Afrika, katika kikao cha OAU cha Cairo cha Julai 1964, ziliamua kuiheshimu mipaka hiyo hiyo zilizorithi.

Ushahidi wa mtaani haustahili alama kwa kuwa wa mtaani tu. Utaje mahali na wahusika, na uonyeshe unavyoungana na hoja. Hapo msahihishaji wa mkoa mwingine ataweza kuupima. Na kabla swali halijatolewa, lijaribiwe: apewe mtu anayeijua historia lakini hajaziona notisi hizo. Akipata alama chache, si yeye aliyeshindwa. Swali ndilo linalopima notisi.

Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, ililaumu mitihani inayopima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati uliowekwa. Azimio la Musoma la 1974 likataka mtihani wa mwisho usiwe kipimo pekee. Lakini mazoezi ya kila wiki yakitungwa kwa kunakili notisi, kuyaongezea uzito ni kuongeza kukariri. Mageuzi yaanzie kwa mtunga swali: aufunge daftari la notisi, aufungue mkataba na ramani, kisha ndipo aandike mwongozo wake.