Adhabu Hukaa Kati ya Vifungu Viwili

Mwalimu aliyehamishwa kutoka Kilosa mjini kwenda Mikumi alinipa mkataba wa kupanga wenye kurasa nne akitaka kujua jambo moja: je, kuna faini iliyofichwa humo? Chumba na sebule, kodi 80,000 kwa mwezi, inalipwa ya miezi sita kwa mpigo, na amana ya 80,000. Muda unaanza 1 Januari na kuisha 30 Juni 2025.

Muhtasari wa kawaida ungefuata mpangilio wa mkataba, kifungu baada ya kifungu. Mpangaji mwenye hofu hiyo haumsaidii, kwa sababu faini nzito haziandikwi mahali pamoja. Kwa hiyo nilianza na kalamu nyekundu, nikapigia mstari kila sentensi yenye "endapo", "atalazimika", "haitarudishwa" au "itahesabika kuwa". Maneno hayo ndiyo yanayohamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kisha kila sentensi niliiandika upya kwa kujibu maswali matatu: nini kikitokea, kufikia siku gani, unalipa shilingi ngapi. Pembeni nikaacha namba ya kifungu, ili mwalimu aweze kurudi kwenye maneno yenyewe. Anachosaini ni mkataba, muhtasari hauna nguvu yoyote mbele ya mwenye nyumba.

Vifungu vitatu vilibaki vyekundu. Cha 7: kodi ikichelewa zaidi ya siku saba, mpangaji analipa 5,000 kwa kila siku inayofuata. Cha 9: akiondoka kabla ya muda kwisha, anabaki na deni la kodi ya muda uliobaki na amana hairudishwi. Cha 12: mkataba "utahesabika kuwa umeongezwa" kwa miezi sita mingine, kodi ikipanda kwa asilimia 10, isipokuwa mpangaji ametoa taarifa ya maandishi siku 60 kabla.

Kila kimoja kikisomwa peke yake kinavumilika. Visome pamoja. Siku 60 kabla ya 30 Juni ni 1 Mei, Mei Mosi, sikukuu, kwa hiyo barua inapaswa kufika 30 Aprili. Tuseme mwalimu anasahau, na 30 Juni anafunga mizigo akidhani muda wake umekwisha. Kwa kifungu cha 12 ana mkataba mpya wa 88,000 kwa mwezi, yaani 528,000 kwa miezi sita. Kwa kifungu cha 9 ameondoka kabla ya wakati, anadaiwa fedha hizo zote na amana yake ya 80,000 imekwenda. Kwa kifungu cha 7, ikifika 31 Julai zimehesabiwa siku 24 za kuchelewa, sawa na 120,000. Jumla 728,000, kwa nyumba ambayo halali tena humo. Neno "adhabu" halimo popote katika mkataba huo.

Kipo pia kifungu cha 6, "mpangaji atalipa gharama zote za umeme". Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ikapanda kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi mwaka 2023. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba. Ni 9,000 kwa miezi sita, kiasi kidogo, lakini iandikwe kwamba itapunguzwa kwenye kodi ya pango.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa kwa kuuvunja, aliyeumizwa anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo 5,000 kwa siku, ambayo ni 150,000 kwa siku 30 dhidi ya kodi ya 80,000, inaweza kupunguzwa. Ila kupunguzwa huko kunapatikana kwenye shauri, na shauri lina gharama na muda wake. Kinga ya uhakika iko kabla ya kusaini.

Muhtasari niliomkabidhi ulikuwa wa nusu ukurasa. Juu kabisa kulikuwa na tarehe: 30 Aprili, peleka barua, baki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Chini yake maombi mawili kwa mwenye nyumba: kifungu cha 12 kisomeke kwamba mkataba unakwisha 30 Juni isipokuwa pande zote mbili zisaini upya, na faini ya kuchelewa iwe na ukomo, kwa mfano isizidi nusu ya kodi ya mwezi mmoja.

Ukipewa mkataba wa kupanga, usitafute kifungu cha faini tu. Tafuta siku ambayo ukinyamaza unadaiwa, uiandike, na uombe ifutwe kabla kalamu haijagusa karatasi.