Safari Nne au Kumi? Shughuli Moja ya Mpango wa Zahanati Chini ya Darubini

Mpango wa mwaka wa zahanati nchini Tanzania hufuata ngazi nne: lengo, shabaha, shughuli na pembejeo. Lengo hutolewa na ngazi za juu na mara nyingi huwa pana. Shabaha hulipa lengo hilo namba na tarehe. Shughuli ndiyo kazi yenyewe, na pembejeo ni mafuta, posho na vifaa vinavyopewa bei. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kwa hiyo mganga mfawidhi na kamati ya kituo ndio wanaopanga na kutumia, na mpango ukiwa na tundu, tundu hilo ni lao.

Matundu mengi hayaonekani kwenye jedwali. Jedwali lina safu ya shughuli, ya mhusika, ya muda na ya gharama, na kila safu ikishajazwa ukurasa huonekana umekamilika. Yako maelezo yanayoambatana na jedwali, aya chache ambazo wengi huziandika mwisho ili kupamba. Nionavyo mimi, kazi ya aya hizo ni kuzigonganisha safu zenyewe kwa zenyewe. Tuchukue mfano wa zahanati ya kubuni yenye wauguzi wawili na shughuli moja tu: huduma za mkoba za chanjo.

Kwenye rasimu, shughuli imeandikwa hivi: kufanya huduma za mkoba kila robo mwaka. Mhusika ni timu ya zahanati, muda ni Julai hadi Juni. Pembejeo ni gari la kukodi kwa shilingi 80,000 kwa safari, pamoja na posho ya watumishi wawili, shilingi 20,000 kila mmoja. Safari moja ni 120,000, safari nne ni 480,000. Hesabu imetimia na rasimu iko tayari kuingizwa kwenye PlanRep, mfumo wa kupangia bajeti.

Sasa tuanze kuandika maelezo, na tuanze na lengo: kwa nini huduma za mkoba? Rejesta inaonyesha kwamba mwaka uliopita watoto 120 walipata dozi ya kwanza ya Penta, lakini waliofika dozi ya tatu ni 96. Walioacha njiani ni 24, yaani asilimia 20, na kiwango kinachozidi asilimia 10 huchukuliwa kuwa dalili ya tatizo. Tukiigawa rejesta kwa vitongoji, sura inabadilika. Vitongoji vya karibu vilianza na watoto 90 wakamaliza 84. Kitongoji kimoja cha ng'ambo ya mto, kilomita 18 kutoka zahanati, kilianza na 30 wakamaliza 12. Sehemu kubwa ya tatizo iko ng'ambo. Shabaha basi inaandikwa kwa kitongoji hicho: ifikapo Juni, angalau watoto 28 kati ya 30 wawe wamefika dozi ya tatu.

Shabaha ikishakuwa wazi kiasi hicho, safu ya muda inaanza kutetereka. Penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, yaani kila baada ya wiki nne. Mtoto anayetegemea safari za robo mwaka akipata dozi ya kwanza Julai, ya pili ataipata Oktoba na ya tatu Januari. Atakuwa na zaidi ya miezi saba wakati alipaswa kumaliza kabla ya kufikisha minne. Safari nne zingeweza kufanyika zote, zikalipwa zote, na ratiba ya chanjo isifuatwe hata kwa mtoto mmoja. Safari zinatakiwa ziwe za kila mwezi.

Lakini mto hujaa wakati wa masika, na Aprili na Mei hauvukiki. Kuandika safari kumi na mbili ni kujidanganya, hivyo zinabaki kumi: tatu katika kila moja ya robo tatu za kwanza, na moja mwezi Juni. Maelezo yanapaswa kusema bei ya uamuzi huo: mtoto atakayeanza Machi atachelewa dozi ya pili hadi Juni. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeishi ng'ambo atawaorodhesha watoto hao mapema, ili safari ya Juni iende na dozi za kutosha.

Safu inayofuata ni ya mhusika. Zahanati ina wauguzi wawili, na wote wakipanda gari, mlango unafungwa na mama mwenye uchungu anakuta kufuli. Jedwali haliwezi kuonyesha hilo kwa sababu siku za watumishi hazina bei ndani yake. Anayekwenda ni muuguzi mmoja, na huko ng'ambo atasaidiwa na mhudumu wa jamii. "Timu ya zahanati" inafutwa, panaandikwa "muuguzi msimamizi wa chanjo". Tunaandika cheo badala ya jina, maana mtumishi akihamishwa Oktoba shughuli inabaki na mwenyewe.

Mtu mmoja hahitaji gari. Pikipiki ya zahanati inatosha, na kwa barabara mbovu tukadirie lita 2 kwenda na kurudi kwa shilingi 3,000 kila lita. Safari moja inakuwa mafuta 6,000, posho ya muuguzi 20,000 na ya mhudumu wa jamii 10,000, jumla 36,000. Safari kumi ni 360,000, na tukiongeza matengenezo ya 60,000 tunapata 420,000. Safari kumi zimekuwa nafuu kuliko nne, kwa sababu gari lilikuwa limerithiwa kutoka mpango wa nyuma bila kuulizwa linakwenda kufanya nini.

Bado kuna swali la chanzo cha fedha. Fedha za Mfuko wa Pamoja za robo ya kwanza zinaweza kuchelewa, na safari za Julai hadi Septemba zikikosekana, watoto wa miezi hiyo wameshachelewa. Robo hiyo inahitaji 108,000. Maelezo yanaielekeza kwenye mapato ya ndani, yaani papo kwa papo na malipo ya bima, na robo zinazobaki kwenye Mfuko wa Pamoja.

Katika ufuatiliaji, ripoti inayosema bajeti imetumika kwa asilimia 100 haitujibu chochote. Tunahesabu dozi za tatu za kitongoji hicho kila robo. Tunaitazama pia dozi ya kwanza, kwa kuwa asilimia ya walioacha hushuka hata pale ambapo watoto wachache wameanza. Wakianza 10 na kumaliza 10, asilimia ni sifuri, ilhali watoto 20 hawajaguswa kabisa.

Mwisho, tuseme ukomo wa bajeti umeshuka na shughuli hii imeachiwa 300,000. Hizo ni safari nane bila matengenezo ya pikipiki. Mpangaji aliyeandika maelezo anajua ni miezi gani miwili itakayokatwa na ni watoto wa lini watakaochelewa, hivyo anaishusha na shabaha ya 28 kabla ya kusaini. Akikata safari na kuiacha 28 pale pale, amesaini deni ambalo muuguzi ndiye atakayedaiwa mwezi Juni.