Jogoo imeisha, nilete Soko?

Carrefour ilifungua duka lake la kwanza nchini Kenya huko The Hub, Karen, mwaka 2016, na Glovo ikaingia Nairobi mwaka 2019. Tangu hapo mkazi wa Kileleshwa amezoea kuagiza unga na maziwa kwa simu akiwa bado ofisini katikati ya jiji. Asichokiona ni kijana anayesukuma toroli kati ya rafu akiisoma oda yake, kisha anafika kwenye unga na kukuta nafasi tupu. Kompyuta ya duka inasema zimebaki pakiti tatu. Moja imepasuka na imewekwa kando, mbili ziko kwenye toroli ya mteja mwingine ambaye hajafika kwa keshia. Hesabu ya stoo hupungua bidhaa ikipita kwenye mashine ya kulipia, si inapoondoka kwenye rafu, kwa hiyo upungufu mwingi hugunduliwa wakati wa kukusanya oda.

Wengi hudhani kazi ngumu hapo ni kupata bidhaa inayofanana. Mimi naona hiyo ndiyo rahisi. Kijana aliyekaa dukani miezi kadhaa anajua kwamba anayekosa Jogoo atakubali Soko au Pembe, na kwamba mwenye mtoto mchanga habadilishiwi maziwa ya kopo bila kuulizwa. Kinachosumbua Nairobi ni pesa, kwa sababu ya jinsi M-Pesa inavyofanya kazi.

Kwa kadi ya benki, duka linaweza kuzuia kiasi fulani kwenye akaunti ya mteja, tuseme bei ya oda pamoja na nyongeza kidogo, halafu likakata kiasi halisi baada ya kukusanya. M-Pesa ya kawaida haina hatua hiyo ya kati. Ombi la malipo linatokea kwenye simu, mteja anaweka namba ya siri, pesa zinahama papo hapo. Bidhaa mbadala ikiwa ghali zaidi, lazima ombi la pili litumwe. Ikiwa nafuu, lazima pesa zirudishwe kwa muamala mwingine, na duka hulipia ada yake.

Tuchukue oda moja, bei zikiwa za mfano tu. Mteja ameagiza pakiti mbili za Jogoo za kilo 2 kwa shilingi 180 kila moja, maziwa pakiti nne kwa 65, mafuta ya lita 2 kwa 640, nyanya kilo moja kwa 120, na usafiri 100. Amelipa 1,480 mapema. Jogoo imeisha, ila Soko ipo kwa 172. Mafuta ya lita 2 hayapo, lakini kuna chupa za lita moja kwa 340, yaani mbili kwa 680. Nyanya zimepimwa zikawa gramu 920, hivyo ni shilingi 110.40.

Mfumo uliojengwa ovyo hushughulikia kila badiliko peke yake: unarudisha 16 za unga, unaomba 40 za mafuta, unarudisha 9.60 za nyanya. Simu ya mteja inalia mara tatu na bado hajaletewa kitu. Mfumo wa busara huomba ridhaa kwa kila bidhaa, lakini pesa huzijumlisha mara moja tu, mwishoni mwa kukusanya. Hapa tofauti ni shilingi 14.40 ambazo mteja anadaiwa. M-Pesa haipokei senti, na kumwomba mtu aweke namba ya siri kwa ajili ya shilingi 14 ni kumchosha bure. Duka linazimeza.

Lakini hesabu hiyo ni halali pale tu mteja alipoonyeshwa bei mpya ya mafuta akaikubali. Kama alipoagiza alichagua tu kwamba aletewe kinachofanana, kisha hakuulizwa bei, kanuni iliyo salama ni kutoza bei iliyo chini kati ya ile ya awali na ile ya mbadala, kwa kila bidhaa. Mafuta yatabaki 640, unga utakuwa 344, nyanya 110.40, na mteja atarudishiwa 25.60, au 26 kamili. Zile 40 za mafuta ni hasara ya duka, na ni haki yake kuzibeba, maana rafu ni yake.

Kanuni hiyo nayo ina kikomo. Julai 2022, serikali ilipoweka ruzuku ili pakiti ya kilo 2 iuzwe shilingi 100, unga wa bei hiyo uliadimika madukani wakati ule mwingine ulikuwa unapita 200. Hakuna duka litakalomeza zaidi ya shilingi mia kwa kila pakiti. Ndiyo maana panahitajika kiwango, tuseme asilimia kumi ya bei ya awali. Tofauti ikizidi hapo, ruhusa ya jumla haitoshi na mteja aulizwe upya.

Kuuliza nako kuna namna yake. Ujumbe unaofanya kazi huwa hivi: "Habari ya jioni. Jogoo kilo 2 imeisha. Kuna Soko kilo 2 kwa 172 badala ya 180. Nilete ama niache?" Una jina, ukubwa na bei zote mbili, na huambatanishwa na picha ya rafu. Kupiga simu kutoka namba ngeni saa kumi na moja jioni ni kujisumbua. Mteja yuko kwenye matatu Waiyaki Way na hapokei namba asiyoijua. Kwa hiyo wakusanyaji wazoefu huanza na bidhaa zinazoisha haraka, yaani mkate, maziwa na unga, wakatuma swali, kisha wakaendelea na sabuni na chumvi huku jibu likisubiriwa.

Jibu lisipokuja? Kimya si ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamlinda mtu aliyeletewa bidhaa ambayo hakuiomba asilazimike kuilipia. Bidhaa isiyo na ruhusa yoyote huachwa na pesa zake hurudi. Tena zirudi kwenye M-Pesa, zisigeuzwe salio la kununulia dukani humo, isipokuwa mteja mwenyewe ametaka. Mafuta yakiachwa katika oda yetu, anadai 665.60, na hiyo ni hela ya nauli ya wiki kwa watu wengi.

Ombi la pili la malipo lina matatizo yake. Msimbo `1032` ukirudi, mteja amelikataa mwenyewe. `1037` ni kwamba simu haikufikiwa au muda uliisha. Mifumo mingi huyachukulia yote mawili kama malipo yaliyoshindikana, na hapo ndipo inapokosea: wa kwanza ametoa jibu, bidhaa iondolewe, wa pili hajajibu, ajaribiwe mara moja tena. Na ankara ya eTIMS itolewe baada ya haya yote. Ikitolewa wakati wa kulipa, kila badiliko litadai hati ya kurekebisha, na kodi huenda ikabadilika pia: mkate wa kawaida hutozwa VAT ya asilimia 0, keki asilimia 16.

Kuna ulaghai mdogo ambao takwimu za kawaida haziuonyeshi. Mkusanyaji anayepimwa kwa kasi atabonyeza "haipo" badala ya kwenda stoo ya nyuma kutafuta. Oda yake itamalizika upesi na mteja atakubali mbadala, kwa hiyo kila kitu kitaonekana sawa. Msimamizi anayetaka kujua ukweli alinganishe orodha ya bidhaa zilizosemwa hazipo na mauzo ya keshia wa tawi lile lile katika saa moja iliyofuata. Jogoo iliyokuwa "imeisha" saa kumi na moja ikauzwa pakiti kumi kabla ya saa kumi na mbili, bila mzigo mpya kupokelewa, ilikuwepo.