Kaske ya kwenye foto

Wiki iliyopita foto ya kaske ya moto ilipita katika grupu moja ya WhatsApp ya hapa Uvira. Nyeusi, inang'aa, ya kufunika uso wote, dola 15, na chini yake: "Orijinali ya Ulaya". Watu wakaanza kuuliza bei ya mwisho. Mimi nikavuta foto ikuwe kubwa. Kama tangazo, ile foto ni nzuri. Kama ushahidi, ni mbovu.

Muuzaji alionyesha alama ya E ndani ya duara, stika tu nyuma ya kaske. Stika ile mutu yeyote anaweza kuichapisha. Kaske iliyopimwa kwa kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, etikete yake inashonwa kwenye mukanda wa kidevu. Kuna E na namba ya inchi iliyotoa kibali (E2 ni Ufaransa, E3 Italia), kisha namba inayoanza na 05 ao 06, ndiyo toleo la kanuni. Inafuata herufi: P inasema sehemu ya kidevu inakinga, NP haikingi, J ni ya kaske isiyofunika kidevu. Mwisho ni namba ya kaske ile moja peke yake.

Niliomba foto ya mukanda. Ikakuja. Kaske inafunika uso wote, lakini etikete inasema J! Kesho yake akaweka ingine ya buluu, namba ileile mpaka tarakimu ya mwisho. Na etikete ilishonwa upande mmoja tu, ule mwingine umebandikwa na kole. Sisi wa agronomi tumezoea etikete ya mbegu inayoshonwa pamoja na mdomo wa gunia: ukiitoa, uzi unakatika. Hapa hata uzi haukusumbuliwa.

Ganda ndilo gumu kusoma. WhatsApp inabana foto na kula mambo madogo madogo, na flashi inaficha mawimbi ya rangi. Omba foto ya mchana, karibu na dirisha: kivuli cha dirisha kikijipinda ovyo juu ya ganda, ganda halikutengenezwa vizuri. Lakini hata likiwa laini, povu la ndani, lile linalopokea pigo, foto haiwezi kukuambia ugumu wake.

Viti vya watoto vya gari vina hila ileile, ila alama zake ni rahisi: etikete ya rangi ya machungwa, kanuni ya 44 ao 129, na kilo ao urefu wa mutoto. Ukiona kitambaa na mikanda tu, bila ganda gumu la kushika mgongo na kichwa, usiendelee hata kutafuta etikete.

Nilimwandikia muuzaji habari ya ile J. Akajibu: "Kaka, unanunua ao unasahihisha egzame?"