Intaneti Ikizorota Jioni Tu: Pima Kabla ya Kulaumu

Steshenari moja ya Somanda, mjini Bariadi, inatumia ruta ya laini ya simu kuwahudumia wanafunzi wanaoomba mikopo na vijana wanaojaza fomu za ajira. Mchana fomu hufunguka bila shida. Ikifika saa moja usiku, ukurasa unazunguka mpaka mteja anaaga. Mwenye duka alikuwa ameshaanza kutafuta ruta mpya. Vipimo vichache vilionyesha kuwa fedha hiyo ingepotea bure.

Uzito wa namna hii kwa kawaida hutokana na moja ya mambo matatu. Huenda waifai inaingiliwa na ruta za majirani, ambazo jioni zote huwa kazini. Huenda kampuni imeipunguzia laini kasi baada ya kutumia kiwango fulani cha data. Au kuna msongamano: mnara una uwezo wenye kikomo, na jioni unagawanywa kwa watu wengi zaidi. Kwa mtumiaji yote yanaonekana sawa, ndiyo maana tunapima moja baada ya jingine, tukianzia ndani ya nyumba.

Ondoa vifaa vingine vyote kwenye ruta ubaki na kompyuta moja, kwa kuwa simu inayopakua video chumba cha pili inaweza kuvuruga kipimo. Kisha, kwenye dirisha la amri la Windows, andika:

```
ping -n 50 192.168.8.1
ping -n 50 8.8.8.8
```

Anwani ya kwanza ni ya ruta. Kama yako ni tofauti, andika `ipconfig` uisome kwenye `Default Gateway`. Ya pili iko nje, kwenye intaneti. Kipimo hiki hula bando kidogo mno. Kifanye saa nne asubuhi na saa mbili usiku, ukikaa palepale.

Pale steshenari, ruta ilijibu kwa milisekunde 2 hadi 5 asubuhi na vilevile usiku. Anwani ya nje ilijibu kwa takribani milisekunde 60 asubuhi, lakini usiku ilirukaruka kati ya 90 na 600, na majibu 4 kati ya 50 hayakurudi kabisa. Maana yake njia ya kutoka kompyuta hadi ruta ilikuwa salama. Kama ruta yenyewe ingejibu kwa milisekunde 200, lawama zingekuwa za waifai. Uthibitisho wake ni kuunganisha kompyuta kwa waya: tatizo likiisha, hamia chaneli 1, 6 au 11, ile yenye ruta chache jirani, au tumia gigahezi 5 ikiwa ruta inayo.

Yakabaki mambo mawili ya nje. Laini iliyopunguzwa kasi huwa na alama yake: ukipima kasi mara kadhaa, hugota karibu na namba ileile, tuseme megabiti 1 kwa sekunde, bila kupanda. Msongamano hupandisha na kushusha. Lakini kuna mtego. Kama kikomo ni cha kila siku, biashara ya mchana inaweza kukimaliza jioni, kisha kasi ikarudi baada ya saa sita usiku, ukadhani ni msongamano. Dawa ni kupima jioni ya siku ambayo duka halikufunguliwa. Jumapili ruta ilizimwa mchana kutwa, ikawashwa saa mbili usiku: uzito uleule. Laini nyingine ya kampuni hiyohiyo, yenye bando jipya, ikawekwa kwenye ruta ileile, nayo ikazorota. Kikomo kikaondoka kwenye orodha.

Ukurasa wa ruta ukakazia jibu. `RSRP`, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, ilikaa karibu na -95 asubuhi na usiku. `SINR`, yaani usafi wa mawimbi hayo, ilishuka kutoka 14 hadi 3, dalili kwamba minara ya jirani nayo ilikuwa na kazi nyingi. Ndiyo sababu vijiti vya mtandao vilijaa huku kurasa hazifunguki: vijiti hupima zaidi nguvu ya mawimbi, havihesabu watu mnaogawana mnara.

Ruta mpya kwenye laini hiyo isingeongeza uwezo wa mnara. Kilichosaidia ni kujaribu laini ya kampuni nyingine saa hiyohiyo, ikapita vizuri, na kusogeza upakuaji mkubwa hadi alfajiri. Vipimo hivi haviwezi kusema kama kinachobana ni mawimbi ya mnara au njia inayoubeba mzigo wake kuutoa Bariadi. Jibu hilo wanalo mafundi wa kampuni. Wapelekee tarehe, saa, mtaa na matokeo ya asubuhi na usiku. Wasiposhughulikia, kumbukumbu hizo ndizo za kupeleka TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.