Makundi kwanza, sampuli baadaye: k-means katika delta ya Rufiji

Anayetaka kutengeneza ramani ya matumizi ya ardhi huwa na hamu ya kuanza mara moja kuchora sampuli za mafunzo: hapa mikoko, pale maji, kule mashamba ya mpunga. Tatizo ni kwamba huchora vile anavyovijua tayari. Katika delta ya Rufiji, aina zinazoharibu ramani ndizo zilizoachwa nje ya orodha hiyo: tope linalofunikwa na kufunuliwa na maji, au shamba la mpunga lililotelekezwa na kuota vichaka. Kupanga pikseli katika makundi kabla ya kukusanya sampuli kunafaa kwa sababu hii: kunaonyesha mahali ambapo orodha yetu ya aina haitoshi.

Njia yenyewe ni nyepesi. k-means huchagua vitovu k, huipa kila pikseli kitovu kilicho karibu nayo zaidi kwa thamani za bendi, kisha husogeza kila kitovu kwenye wastani wa pikseli zake. Hurudia hivyo mpaka vitovu vitulie. Haijui mkoko wala mpunga. Inapima umbali tu. Ndiyo maana maandalizi ya namba yana uzito zaidi kuliko hesabu yenyewe.

Tuchukue picha moja ya Sentinel-2 ya kiangazi, baada ya mavuno, wakati mashamba mengi ya mpunga yamebaki mabua na mikoko ingali kijani. Bendi tatu zinatosha kuanzia: B4 ya mwanga mwekundu, B8 ya infraredi ya karibu na B11 ya infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo hushuka palipo na unyevu. B11 ina pikseli za mita 20, hivyo hulinganishwa kwanza na za mita 10 za zile nyingine mbili. Tukiongeza NDVI, mtego unajitokeza: thamani za bendi huhifadhiwa zikiwa zimezidishwa kwa 10,000, na majani mabichi katika B8 hufika maelfu, ilhali NDVI haizidi 1. Bila kusawazisha, NDVI haina sauti yoyote katika umbali. Katika Python, baada ya kuleta StandardScaler na KMeans kutoka scikit-learn, kazi hiyo ni amri mbili:

```python
X = StandardScaler().fit_transform(pikseli)
makundi = KMeans(n_clusters=12, n_init=10,
                 random_state=7).fit_predict(X)
```

Kwa nini 12 wakati aina tunazozitarajia ni, tuseme, sita? Kwa sababu kuunganisha makundi mawili ya maji ni rahisi, ila kundi lililochanganya mikoko na vichaka haligawanyiki kwa kulitazama. Tena k-means hupenda makundi ya duara yenye ukubwa unaokaribiana, kwa hiyo aina kubwa kama bahari hukatwa vipande na aina adimu humezwa. n_init=10 huanza upya mara kumi kutoka vitovu tofauti na kubakiza jibu bora, maana mwanzo mbaya hutoa mipaka mibaya.

Sasa kila kundi lichunguzwe juu ya picha ya rangi. Kundi jeusi lililo mbali na mito, lenye umbo lilelile la wingu la jirani, si maji bali ni kivuli; hilo linafutwa. Kundi la maji ya kina kifupi lenye B4 ya juu ni maji yenye tope, na mpaka wake na tope tupu hutegemea saa ya kupwa na kujaa. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwenye picha ya siku nyingine na mpaka huo ukahama, ujue aina yako ni ukanda wa maji ya kupwa na kujaa, si maji wala nchi kavu.

Kundi lenye manufaa zaidi kulichunguza ni lile lililo kwenye misitu ya mikoko ya kaskazini na pia kwenye mashamba ya ndani. Litoe peke yake, liendeshee k-means upya kwa makundi manne. B11 ikiwa chini upande mmoja na juu upande wa pili, huenda unaona mikoko yenye ardhi lowevu dhidi ya vichaka vya mashamba yaliyoachwa. Makundi hayo yasipoachana, tarehe moja haitoshi: ongeza picha ya msimu wa mpunga.

Baada ya hapo ndipo sampuli hugawanywa. Kila kundi lipate idadi yake ya chini, hata likiwa dogo, na yale yenye utata yapate zaidi, kwani mgao unaofuata eneo ungepeleka karibu zote majini na kwenye mikoko. Jina la kila nukta atoe mtu, kwa kwenda uwanjani au kwa picha kali zaidi. Namba ya kundi si jibu. Na nukta za kupimia usahihi zichaguliwe kando, kwa bahati nasibu katika delta nzima, kwa sababu zikitoka kwenye sampuli hizi zilizoelekezwa makusudi, asilimia ya usahihi itapima chaguo letu badala ya ramani.