Pale Waya Zinapokutana

Mafundi wanaopanga umeme wa vyumba vya seva huusoma mchoro kwa kuanzia mwisho, na kwa hilo nawaheshimu sana. Hushika seva moja, wakaufuata waya wake kurudi nyuma, kupitia kabati la kugawia umeme, UPS na swichi ya kuhamisha, hadi kwenye jenereta na tangi la mazutu. Njia nzima wanatafuta mahali pamoja tu: pale ambapo kitu kimoja kikikatika, chumba kizima kinazimika. Idadi ya mashine huja baadaye.

Hapa Bunia ufundi huo una uzito wake. Mitambo ya maji ya Budana, kwenye mto Shari, ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, si kwa mji mkubwa kama huu wa leo. Anayetaka seva zake ziwake usiku na mchana hujitafutia jenereta, betri na paneli za jua. Swali ni jinsi ya kuvipanga vyombo hivyo, maana fedha ni ileile.

Tuchukue chumba cha mfano chenye mzigo wa kilowati 120. UPS mbili za kilowati 60 zinautosha. Ukiongeza ya tatu, umepata mpango unaoandikwa N+1: mahitaji, na moja ya akiba. Ni mpango wa busara na wa bei nafuu. Moja ikiharibika, mbili zinabeba, na fundi anaitengeneza mchana kweupe bila haraka. Lakini fuata waya. UPS zote tatu zinamimina umeme kwenye kabati moja, na seva zote zinakunywa hapo. Nati iliyolegea ndani ya kabati hilo hupata joto, joto huilegeza zaidi, na siku moja kabati linaungua huku UPS tatu nzima zikiwa nyuma yake. Akiba ilikuwepo, haikuwa na pa kupita.

Mpango wa 2N unajibu tatizo hilo kwa kujenga kila kitu mara mbili. Kuna upande A wenye kilowati 120, na upande B wenye kilowati 120, kila mmoja na kabati lake na nyaya zake. Seva nzuri ina pawasaplai mbili. Moja huchomekwa A, nyingine B. Umenunua kilowati 240 ili kutumia 120, na katika siku ya kawaida kila upande unafanya kazi nusu tu. Gharama ni kubwa, ila mpango wenyewe ni rahisi kueleweka, na urahisi huo una thamani saa nane za usiku.

Udhaifu wake umejificha kwenye plagi. Agosti 2016 hitilafu ya umeme katika kituo cha data cha shirika la ndege la Delta, mjini Atlanta, ilikwamisha safari kwa siku kadhaa. Mkuu wa shirika alieleza baadaye kwamba kati ya vifaa karibu 7,000, kama 300 havikuwa vimeunganishwa na umeme wa akiba inavyopaswa. Mia tatu hivyo vilitosha. Ndiyo maana fundi makini hupita nyuma ya kila kabati la seva akiishika kila plagi kwa mkono na kuisoma rangi ya waya wake, kwa sababu mchoro hauwezi kumwambia nani alichomeka nini wiki iliyopita.

Mpango wa tatu ndio unaonifurahisha zaidi. Unazo UPS tatu za kilowati 60, yaani zilezile tulizonunua kwa N+1, lakini hazikutani popote. Kila moja ina kabati lake: A, B na C. Seva zinagawanywa katika makundi matatu ya kilowati 40. Kundi la kwanza linachomekwa A na B, la pili B na C, la tatu C na A. Katika siku ya kawaida kila kundi linachukua 20 huku na 20 kule, kwa hiyo kila UPS inabeba 40. Sasa zima A. Kilowati 20 za kundi la kwanza zinahamia B, na 20 za kundi la tatu zinahamia C. B ina 60, C ina 60, na hakuna seva iliyozimika. Kwa kilowati 180 umepata njia mbili kamili kwa kila seva, jambo ambalo 2N ilikutoza 240.

Gharama yake inalipwa kwa nidhamu. Tuseme seva mpya zimewekwa kundi la kwanza kwa sababu tu palikuwa na nafasi, zikatolewa nyingine kundi la tatu. Sasa makundi yana 60, 40 na 20. Jumla bado ni 120. Ukizisoma UPS utaona 40, 50 na 30, na zote ziko chini ya 60, kwa hiyo hakuna kengele inayolia. Lakini A ikizimika, B inatakiwa kubeba 60 za kundi la kwanza pamoja na 20 za kundi la pili, yaani 80. Breka yake ikikatika, kundi la kwanza lote linazimika, nusu ya mzigo wa chumba, huku C ikibaki imejaa hadi ukingoni. Ndiyo maana mpango huu unataka daftari: kabla ya kuchomeka seva, unajumlisha kundi lake, kisha unapiga hesabu ya kila UPS kana kwamba mwenzake amekufa.

Mipango yote mitatu, hata hivyo, inaishia kwenye UPS, na Bunia hatari kubwa iko nyuma yake. Taasisi ya Uptime, iliyotunga madaraja ya vituo vya data, huihesabu jenereta kuwa chanzo kikuu na umeme wa gridi kuwa nafuu ya gharama tu. Kwetu hiyo ni hali halisi ya kila siku. Kwa hiyo jenereta iliyoandikwa kwenye kibati chake kuwa ya dharura haifai, kwani imekadiriwa kwa saa chache kwa mwaka. Aidha, mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na jedwali la mtengenezaji lazima lisomwe kabla ya kuamini kilowati zilizoandikwa.

Kilowati 120 za seva, pamoja na viyoyozi, zinaweza kufika 180. Hiyo ni kama lita 50 za mazutu kwa saa, mapipa sita ya lita 200 kwa siku. Maji yakiingia kwenye mafuta hayo, au chujio likiziba, injini haizimi mara moja. Inapanda na kushuka. Umeme unatoka kwenye hezi 50, UPS inaukataa na kuhamia kwenye betri, inaukubali tena, inaukataa tena. Jenereta inanguruma nje na betri zinakwisha ndani. Kwenye kioo cha UPS utaona alama ya betri ikiwaka na kuzimika, na kama jenereta zote zinanyonya tangi moja, A, B na C zinafanya hivyo kwa pamoja.

Kwa hiyo ningeweka UPS kwa mpango wa tatu, jenereta mbili zinazotosha na ya tatu ya akiba, na matangi mawili yenye mabomba na machujio tofauti. Lori moja la mafuta halijazi matangi yote mawili. Linajaza moja, maji yanatolewa kwa bomba la chini, injini inaendeshwa kwa mafuta hayo mapya kutwa nzima, hezi zinaandikwa kila saa, na tangi la pili linabaki na mafuta ya zamani hadi hayo mapya yathibitike kuwa safi.